Kilemba cha Wasikhi mbele ya sheria: ni dini au ni kabila?

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Ninaandika insha ya uzamili kuhusu Wasikhi wa ughaibuni na kilemba kama alama ya utambulisho wao. Msimamizi wangu amenitaka nichague msimamo: ni alama ya dini au ya kabila? Nimesoma kwamba mahakama ya Uingereza iliamua Wasikhi ni kabila, lakini kila Msikhi ninayezungumza naye hapa Nairobi ananiambia ni dini. Nishike lipi?"

Marahaba. Nakushauri usilishike lolote kati ya hayo mawili kama jibu, bali uyafanye yote mawili kuwa jambo unalolichunguza. Hao unaozungumza nao Nairobi wanasema kweli kuhusu imani yao, na majaji wa Uingereza nao walisema kweli kwa mujibu wa sheria iliyokuwa mezani kwao. Kinachostahili kuandikiwa insha ni namna sheria ambayo haikuwa na nafasi ya dini ilivyoilazimisha familia moja kuthibitisha kwamba ni kabila ili mtoto wao aende shule akiwa amevaa kilemba, na jinsi uamuzi huo ulivyoendelea kuamua nani analindwa na nani anaachwa nje.

Kabla ya kufika mahakamani, weka sawa kile unachokizungumzia, kwa maana insha nyingi hukosea hapa. Mapokeo ya Kisikhi yanasema kwamba mwaka 1699, mjini Anandpur, Guru Gobind Singh, kiongozi wa kumi wa dini hiyo, aliianzisha Khalsa, yaani jumuiya ya waliokula kiapo, na wanaoingia humo hubeba vitu vitano ambavyo majina yake huanza kwa herufi moja: kesh, nywele zisizokatwa, kangha, chanuo dogo la kuzichania, kara, bangili ya chuma, kachera, vazi la ndani, na kirpan, upanga mdogo. Kilemba hakimo katika vile vitano. Kinaingia kwa sababu ya nywele, kwa kuwa ndicho kinachozifunika, kuzistahi na kuziweka nadhifu, na kwa karne kadhaa kimebeba heshima ya mwenye nacho kiasi kwamba kumvua mtu kilemba hadharani ni kumvunjia utu wake. Mwongozo wa maadili wa Wasikhi uitwao Rehat Maryada, ulioidhinishwa na vyombo vyao vya Amritsar katikati ya karne ya 20, unamtaka mwanamume avae kilemba na kumwachia mwanamke hiari. Kwa hiyo ukiandika kwamba "kilemba ni mojawapo ya alama tano", msomaji Msikhi ataifunga insha yako hapohapo, na zaidi ya hayo utakuwa umepoteza hoja muhimu: anayemwambia Msikhi avue kilemba anagusa nywele zake, na nywele hazivuliwi mlangoni zikavaliwa tena jioni.

Ukiwa Nairobi una bahati ya kukitazama kilemba chenyewe kwa karibu, na ningependa insha yako ionyeshe kwamba umekitazama. Omba ruhusa uone kinavyofungwa asubuhi. Utaona nywele zikisokotwa na kufungwa fundo juu ya utosi, kisha kitambaa kidogo cha ndani kikizungushwa kuzishikilia. Utaona kitambaa kikuu cha pamba nyepesi, chenye urefu wa mita tano hivi au zaidi, kikishikwa ncha mbili na watu wawili waliosimama mbali, wakikivuta na kukikunja kwa urefu mpaka kiwe ukanda mrefu ulionyooka. Mara nyingi mtu wa pili ni mke, ndugu au mtoto, nayo ni kazi ya kila siku ambayo watoto wengi huikumbuka hadi uzeeni. Mfungaji huubana mwanzo wa ukanda kwa meno, huzungusha tabaka moja juu ya lingine akipandisha kidogo kila mzunguko, kisha huzipenyeza nywele zilizochomoza kwa kijiti chembamba cha chuma. Kuna namna nyingi za kufunga, na mojawapo hujulikana miongoni mwa Wasikhi wa Uingereza kama mtindo wa Kenya: kitambaa hutiwa wanga, hubanwa sana, tabaka hulala sambamba bila kasoro, na paji la uso hubaki na pembe kali. Mtu mwenye jicho anaweza kumtambua aliyetoka Nairobi au Kampala hata akiwa katikati ya umati wa mjini London.

Mtindo huo unakupa hoja yako ya kwanza ya kidiaspora, kwa sababu unakataa ile hadithi nyepesi kwamba kilemba kilitoka Punjab, eneo la asili la Wasikhi, kikaenda Uingereza kwa mstari ulionyooka. Mafundi wa Kisikhi, wengi wao maseremala na wahunzi wa jamii ya Waramgarhia, walifika pwani yetu na ujenzi wa reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896, na vizazi vilivyofuata vikawa watumishi wa serikali ya kikoloni, polisi, makandarasi na mafundi wa karakana. Sisi tukawaita Makalasinga upande wa Kenya na Masingasinga upande wa Tanzania. Walipoanza kuhamia Uingereza kwa wingi miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, wengine kwa kuhofia hatima yao baada ya uhuru na wengine kwa kufukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, walienda kama familia nzima, wakijua Kiingereza, wakijua ofisi zinavyoendeshwa, na wakiwa na vilemba vyao kichwani. Mwanaanthropolojia Parminder Bhachu aliwaita wahamiaji wa mara mbili, na alionyesha kwamba walitofautiana na wanaume waliotoka Punjab moja kwa moja katika miaka ya 1950, ambao wengi walikata nywele na kunyoa ndevu ili wapate kazi viwandani. Hao wa Afrika Mashariki walikuwa wameshazoea kuishi kama wachache chini ya dola ya Kiingereza bila kuvua chochote.

Wala dola hiyo haikuwa ngeni kwa kilemba. Bernard Cohn, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyeichunguza India ya kikoloni, alidai kwamba umbo moja linalofanana la kilemba cha Kisikhi tunaloliona leo lilichangiwa kwa kiasi kikubwa na jeshi la Waingereza, lililowataka askari wake wa Kisikhi wavae kilemba cha namna moja kama sehemu ya sare. Hoja hiyo imejadiliwa sana, na usiipeleke mbali hadi ionekane kwamba Waingereza ndio waliobuni kilemba, jambo ambalo si kweli hata kidogo. Itumie kuonyesha kwamba dola ileile ilikidai kilemba jeshini na kukikataa kwenye mabasi ya miji yake.

Kuhusu mabasi, mji wa Wolverhampton ni mfano ambao hupaswi kuuruka. Mwaka 1967 dereva wa basi Tarsem Singh Sandhu, ambaye aliajiriwa akiwa amenyoa, alirudi kazini baada ya likizo ya ugonjwa akiwa na ndevu na kilemba, akaondolewa kazini kwa kukiuka kanuni za sare. Mgogoro ulidumu karibu miaka miwili, ukaandamaniwa hadi India, na mwanasiasa Enoch Powell akaugusa katika ile hotuba yake mbaya ya Aprili 1968 iliyowashambulia wahamiaji. Mwaka 1969 kiongozi mmoja wa Wasikhi, Sohan Singh Jolly, alitangaza kwamba atajichoma moto marufuku isipoondolewa, na mwezi Aprili kamati ya usafiri ya mji ikaiondoa huku ikisema wazi kwamba inafanya hivyo kwa shinikizo. Ninachotaka ukione ni kwamba Sandhu alikivaa kilemba baada ya kuajiriwa. Hakikuwa mabaki ya nyumbani yaliyokuwa yakifutika taratibu kama nadharia za kale za uhamiaji zilivyotabiri. Alikirudia akiwa ughaibuni. Tena mgogoro haukuisha kwa sheria. Uliisha kwa siasa, na Msikhi wa mji mwingine hakuwa na haki yoyote ya kuidai mahakamani kutokana na ushindi wa Wolverhampton.

Sasa tufike kwenye kesi uliyoisoma, na ningekuomba uisome upya polepole, kwa kuwa ndiyo uti wa mgongo wa insha yako. Inaitwa *Mandla dhidi ya Dowell Lee*. Mwaka 1978 wakili Sewa Singh Mandla alitaka mwanawe Gurinder aingie katika shule ya binafsi mjini Birmingham. Mwalimu mkuu, Dowell Lee, alikataa kumpokea isipokuwa mtoto akate nywele na aache kilemba. Shule haikuwa ya Wazungu watupu: ilikuwa na wanafunzi wapatao 300 wa asili mbalimbali, wakiwemo Wasikhi watano ambao hawakuvaa vilemba. Mwalimu mkuu alieleza kwamba alitaka kuendesha shule ya Kikristo na kwamba kilemba ni onyesho la nje la imani isiyo ya Kikristo. Aliongeza kwamba alitaka kupunguza tofauti za nje baina ya wanafunzi. Angalia jinsi alivyojieleza: sababu aliyoitoa waziwazi ilikuwa dini.

Katika Uingereza ya wakati ule, sababu hiyo ilikuwa ngao yake. Sheria ya Mahusiano ya Kimbari ya mwaka 1976 ilikataza kumbagua mtu kwa rangi, mbari, uraia, au asili yake ya kitaifa au ya kikabila, na dini haikutajwa. Shule iliyomkataa mtoto kwa sababu ya dini haikuwa imevunja sheria. Kama Wasikhi ni wafuasi wa dini na si zaidi, basi mwalimu mkuu alikuwa na haki kamili ya kumkataa Gurinder, na angeweza kulisema hilo mbele ya jaji bila kuogopa. Familia, ikisaidiwa na Tume ya Usawa wa Kimbari, haikuwa na njia nyingine ila kuthibitisha kwamba Wasikhi ni kundi lenye asili yake ya kikabila. Ndiyo maana nasema kwamba swali la msimamizi wako limerithiwa kutoka katika sheria hiyo. Halikutoka kwa Wasikhi wenyewe.

Mahakama ya kaunti iliwakatalia. Mahakama ya Rufani, chini ya Lord Denning, nayo ikawakatalia mwaka 1982: Denning alifungua kamusi, akaona neno la kikabila linabeba maana ya damu na mbari, akahitimisha kwamba Wasikhi hawatofautiani kwa damu na watu wengine wa Punjab, bali kwa dini na utamaduni. Kwa kipimo hicho hakukosea, kwa sababu katika familia nyingi za Punjab ndugu mmoja alikuwa Mhindu na mwingine Msikhi. Kilichobadilika katika Baraza la Malordi, ambalo wakati huo ndilo lilikuwa mahakama ya juu kabisa, ni kipimo chenyewe.

Katika hukumu ya Machi 1983 Lord Fraser alisema kwamba kundi la kikabila halihitaji kuthibitishwa kwa baiolojia. Linahitaji mambo mawili ya lazima: historia ndefu ya pamoja, ambayo kundi linaijua kuwa yake na linaendelea kuitunza katika kumbukumbu, na utamaduni wake lenyewe, pamoja na desturi za kifamilia na za kijamii, ambazo mara nyingi huambatana na dini ingawa si lazima. Juu ya hayo aliweka mambo mengine yanayosaidia bila kuwa sharti: asili ya eneo moja au mababu wachache, lugha moja, fasihi yake, dini inayolitofautisha na majirani, na hali ya kuwa wachache au kuwa waliokandamizwa, au hata watawala, ndani ya jamii kubwa zaidi. Kwa kipimo hicho Wasikhi, wenye historia inayoanzia kwa mwanzilishi wao Guru Nanak katika karne ya 15, wenye maandishi ya Gurmukhi na kumbukumbu ya dola yao katika karne ya 19, walipita bila shida. Majaji walisema kwamba walianza kama jumuiya ya kidini lakini sasa hawakuwa hivyo tu. Tena Fraser aliacha mlango wazi kwa anayeingia kwa kuongoka au kuoa, mradi ajione kuwa mmoja wao na wenzake wamkubali. Kabila la namna hiyo mtu anaweza kujiunga nalo, jambo ambalo Denning asingelikubali.

Hapo ilibaki hatua ya pili, ambayo wanafunzi wengi huiruka, nayo ndiyo inayohusu kilemba hasa. Mwalimu mkuu hakusema kwamba hapokei Wasikhi. Alisema kwamba hapokei vilemba, na wale Wasikhi watano walikuwa ushahidi wake. Huo ni ubaguzi usio wa moja kwa moja, ambapo sharti moja huwekwa kwa wote lakini idadi ya watu wa kundi fulani wanaoweza kulitimiza ni ndogo sana wakilinganishwa na wengine. Je, Msikhi "anaweza" kwenda shule bila kilemba? Kimwili anaweza, kwa kuwa mkasi upo na kinyozi yupo. Lord Fraser alikataa maana hiyo ya kimwili. Kuweza, alisema, ni kuweza katika hali halisi, bila kwenda kinyume na desturi na mazingira ya kitamaduni ya kundi lako. Kwa sentensi hiyo mahakama ilikichukulia kilemba kama sehemu ya mtu kuwa mtu wa kundi lake, badala ya vazi analoweza kulichagua au kuliacha. Utetezi wa shule nao ukaanguka, kwa kuwa kukichukia kilemba kwa sababu kinaonyesha kile mvaaji alicho hakuwezi kuwa sababu halali ya kukikataza.

Mimi naona hukumu hiyo ilikuwa ya haki kwa Gurinder na kwa maelfu waliofuata, na sitaki uandike kana kwamba ilikuwa ujanja wa kisheria. Lakini ilikuwa na gharama, na insha nzuri huionyesha gharama pamoja na faida. Ili ishinde, familia ya mcha Mungu ilibidi iipunguze dini yake mbele ya mahakama na kuiweka kama kipengele kimoja kati ya saba. Na kipimo cha "historia ndefu" kikageuka ukuta kwa wengine. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani ilisikiliza shauri la Mrastafari aliyekuwa ameomba kazi ya udereva serikalini akakataliwa kwa kuwa hakutaka kukata nywele zake. Nywele kwake zilikuwa nadhiri kama zilivyo kwa Msikhi. Mahakama ilikitumia kipimo cha Mandla na kuamua kwamba Warastafari, wenye miaka 60 tu ya historia ya pamoja, si kundi la kikabila. Ilibidi kusubiri kanuni za ajira za mwaka 2003, na baadaye Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, ndipo dini ikalindwa kwa jina lake na ule mkunjo wa kulazimika kuwa kabila ukapoteza nguvu.

Sasa nikuongezee jambo ambalo litamfanya msimamizi wako akusome kwa makini. Mwaka huohuo wa 1976, Bunge lililopitisha Sheria ya Mahusiano ya Kimbari bila kutaja dini lilipitisha pia sheria fupi ya kuwasamehe Wasikhi kuvaa helmeti kwenye pikipiki, na sheria hiyo inamtaja mwenye msamaha kuwa mfuasi wa dini ya Kisikhi wakati amevaa kilemba. Barabarani kilemba ni dini. Mlangoni mwa shule, miaka saba baadaye, kikawa kabila. Serikali moja na kitambaa kimoja, lakini majibu mawili, na kila jibu lina masharti yake. Msamaha wa pikipiki haumlindi Msikhi aliyenyoa wala aliyevua kilemba siku hiyo, ilhali hukumu ya Mandla inamlinda kila Msikhi dhidi ya ubaguzi, awe na kilemba au asiwe nacho. Katika sehemu za ujenzi, Sheria ya Ajira ya mwaka 1989 ilimruhusu Msikhi mwenye kilemba asivae kofia ngumu, na mwaka 2015 ruhusa hiyo ikapanuliwa hadi sehemu nyingine za kazi, isipokuwa baadhi ya kazi za dharura na za kijeshi. Lakini soma sehemu inayohusu fidia: akiumia kichwani kwa kosa la mwingine, hulipwa kwa kiasi tu cha jeraha ambalo angelipata hata kama angekuwa amevaa kofia hiyo. Haki amepewa, na hatari ameachiwa mwenyewe. Ni mkataba wa aina yake kati ya dola na raia, na sijaona insha nyingi za diaspora zikiujadili.

Ukitaka kulinganisha, linganisha na Ufaransa wala usitafute nchi nyingine tano, kwa sababu Ufaransa inaonyesha kinachotokea pale ambapo mlango wa kabila haupo kabisa. Dola ya Kifaransa haitambui makundi ya kikabila miongoni mwa raia wake, na sheria ya Machi 2004 inakataza katika shule za serikali alama na mavazi yanayoonyesha dini waziwazi. Muhula wa kwanza baada ya sheria hiyo, Bikramjit Singh, mwanafunzi wa sekondari huko Bobigny, kitongoji cha Paris, alifika amevaa keski, kitambaa chepesi cheusi kinachofunika nywele, kidogo kuliko kilemba kamili, ambacho Wasikhi wengi hukiona kuwa namna ya kukutana na shule katikati ya njia. Hakuruhusiwa kuingia darasani, akatengwa na wenzake kwa wiki kadhaa, na mwezi Novemba 2004 akafukuzwa. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilikataa mwaka 2009 kupokea mashauri ya aina hiyo kutoka Ufaransa, ikiiachia nchi uhuru wa kuamua. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa iliona tofauti mwaka 2012: Ufaransa haikuonyesha kwamba kijana huyo alihatarisha haki za wengine au utulivu wa shule, na alifukuzwa kwa kuingizwa tu katika fungu kubwa la watu lililochorwa na sheria, wala si kwa tendo lake lolote. Sheria ya Ufaransa haikubadilika.

Weka kesi hizo mbili ubavuni na utaona kwamba Birmingham mtoto alishinda kwa kuambiwa kwamba yeye ni wa kundi, na Bobigny kijana alipoteza shule kwa kuambiwa kwamba yeye ni wa kundi. Hii ndiyo sababu nakataa uandike kwamba kutambuliwa na sheria ni jambo jema daima kwa watu wa ughaibuni. Inategemea kutambuliwa huko kunafungua mlango gani, na ni nani aliyelichora kundi lenyewe.

Usiache pia kuonyesha kwamba Wasikhi hawana sauti moja katika hili. Kabla ya sensa ya mwaka 2021 ya Uingereza na Welisi, jumuiya mojawapo kubwa ya Wasikhi ilidai kisanduku cha Usikhi katika swali la kabila, ikiitegemea hukumu ya Mandla, kwa hoja kwamba asiyehesabiwa kama kabila husahaulika katika mipango ya huduma. Ofisi ya takwimu ilikataa, kwa kuwa utafiti wake uliona kwamba Wasikhi wenyewe hawakukubaliana, na mahakama ikaikatalia jumuiya hiyo. Kulikuwa na Wasikhi waliopinga kwa imani kabisa: mafundisho ya Maguru ni ya binadamu wote, na kuyafungia ndani ya kabila ni kuyapunguza. Katika swali la dini la sensa hiyo walihesabiwa watu wapatao 524,000. Na wapo wanawake, hasa vijana waliozaliwa ughaibuni, wanaofunga vilemba kwa hiari ileile ambayo Rehat Maryada imewaachia, na ambao kesi zote nilizokutajia hapo juu hazikuwawazia hata kidogo, kwa kuwa Msikhi wa majaji na wabunge wa miaka hiyo alikuwa mwanamume. Ukipata nafasi ya kuzungumza nao wanne au watano, sura hiyo moja itakuwa mchango wako mwenyewe.

Mwisho, kuhusu hao wa Nairobi wanaokuambia ni dini. Usiwanukuu kama watu wanaoipinga mahakama ya Uingereza ambayo haiwahusu. Waulize kuhusu Kenya yao. Mwezi Julai 2017 serikali ya Kenya iliwatangaza Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44 la nchi, na ndani ya fungu hilo Msikhi amewekwa pamoja na Mhindu, Mwismaili, Mgoa na Mbohora. Waulize kama kutajwa huko kumewapa kitu, kama wangependa watajwe kwa jina lao wenyewe, na kama kilemba kingekuwa ndicho kigezo. Uliza na mafundi wa Gikomba, waliojifunza ufundi kwa wazee wa Kalasinga, wanawaweka wapi. Majibu ya maswali hayo yatakupa sura ambayo haimo katika hukumu yoyote ya London, na utaweza kumwonyesha msimamizi wako kwa ushahidi wako mwenyewe kwa nini hukuchagua upande.